Mikroni Mbili za Hasuben

Ukitaka kumjua Hasumati wa chumba cha vipimo usimwangalie usoni, maana usoni siku hizi hapana kitu. Mwangalie mikono. Anavaa glavu nyeupe za pamba, anaishika shafti kwa ncha za vidole viwili, anailaza kwenye geji juu ya meza ya jiwe jeusi, anasoma, anaizungusha robo, anasoma tena, anaandika. Shafti inayofuata. Kutwa nzima hivyohivyo, miaka ishirini na minane, na hapo Rajkot kwenye mtaa wetu wa viwanda hayupo aliyewahi kurudishiwa kipimo chake akaambiwa kimekosewa. Hayupo hata mmoja. Tulikuwa tunajisifia naye kama vile tumemzaa sisi.

Aliingia kiwandani ana miaka kumi na tisa, binti wa kufunga shafti kwenye karatasi za mafuta. Mkaguzi wa zamani, mzee mmoja mkali asiyecheka hata kwenye harusi, alimwona anazitenga shafti mbili kando. Akamuuliza, wewe, hizo zina nini? Hasu akajibu, "Hizi mbili zinateleza vibaya mkononi." Mzee akazipima. Zilikuwa nene kuliko zilivyoruhusiwa, kwa unene ambao jicho haliuoni. Kesho yake akamwingiza chumba cha vipimo, na wanaume wa karakana wakanuna mwezi mzima. Wakanuna, wakachoka, wakaanza kumwita Hasuben, yaani dada Hasu, na jina likakaa.

Alipoolewa na Jentilal, fundi wa kuchovya vyuma kwenye nikeli kiwanda cha jirani, hakuacha kazi. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa wanakula pamoja mchana kwenye benchi la nje, yeye kaleta chapati za methi, yale majani ya uwatu, mume kaleta maneno. Jentilal alikuwa mtu wa maneno! Angeweza kumchekesha hata mkaguzi wa kodi. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mavji, fundi wa kusaga shafti kiwandani kwetu, mtu mfupi, mkimya, mwenye masharubu ya kizamani. Jentilal alisema Mungu alimpa yeye maneno ya watu wawili ili Mavji apumzike.

Jentilal alikufa mwezi wa Novemba, siku kumi na mbili baada ya viwanda kufunguliwa kufuatia sikukuu ya Diwali. Alikuwa amesimama kwa muuza chai, glasi mkononi, anasimulia kisa. Akanyamaza katikati. Watu wakacheka wakidhani ndiyo sehemu ya kisa, kisha wakaona glasi imeanguka. Mavji alikuwa mmoja wa wanne waliobeba jeneza.

Hasuben alikaa matanga siku kumi na tatu, siku ya kumi na nne akarudi kazini. Hakulia. Wanawake wa mtaa walimsubiri alie, wakamsogezea bega, wakambana na nyimbo za msiba, wapi. Alikuwa kama mtu aliyechomwa sindano ya ganzi kwa daktari wa meno, isipokuwa ganzi yenyewe ilikataa kwisha. Chakula alikula kwa sababu saa ilifika. Akiulizwa hali anasema nzuri. Na kazi yake ikawa safi kuliko zamani, maana mtu asiyesikia kitu hakosi shabaha kwa sababu ya kitu. Hivyo ndivyo tulivyofikiri.

Sasa nieleze kidogo hiyo kazi, maana bila hiyo hakuna mtakachoelewa, na nitaeleza mara moja tu.

Shafti yetu ya pampu ina kipenyo cha karibu milimita ishirini. Mchoro wa mteja tangu zamani ulisema: isipungue 19.959, isizidi 19.980. Karakana nzima hakuna mwenye muda wa kutamka kumi na tisa nukta tisa. Tunasema hamsini na tisa, themanini, basi. Hizo ni mikroni, sehemu moja ya elfu ya milimita, na unywele wako mmoja ni mikroni sabini hivi. Lakini geji nayo ni kitu cha dunia, si malaika. Ukijumlisha ukali wake wa kusoma, joto la chumba, mkono wa mpimaji na kipande cha kulinganishia, geji yetu ina shaka la mikroni mbili huku na mbili huku. Ikikuambia sitini, ukweli unaweza kuwa hamsini na nane, unaweza kuwa sitini na mbili. Hamsini na nane ni mbovu. Kwa hiyo mpimaji mwaminifu anajibana: anaingia ndani mikroni mbili kutoka kila mpaka, na eneo hilo la pembeni halipitishi. Tunaliita ukanda wa tahadhari. Mpaka wa hamsini na tisa unakuwa sitini na moja, wa themanini unakuwa sabini na nane. Ndani ya hapo unapitisha na unalala usingizi. Kompyuta ya Hasuben ilifanya hesabu hiyo yenyewe: unaiandikia mipaka ya mchoro, inakata mbili chini, mbili juu, inakupa mipaka ya kupokelea. Mwisho wa somo.

Mwezi huohuo wa Novemba mteja alileta mchoro mpya. Ulisema sitini na moja mpaka sabini na nane. Watu wakaguna. "Huyu kabana tena! Anataka shafti au anataka lulu?" Hasuben akaiandikia kompyuta sitini na moja na sabini na nane, kompyuta ikakata zake, ikatoa sitini na tatu na sabini na sita. Toka siku hiyo Mavji alikuwa na nafasi ya mikroni kumi na tatu tu.

Mashine ya Mavji ni ya mwaka themanini na mbili. Ina moyo mzuri lakini inatembea, mikroni kumi na nne, kumi na tano, ufanye utakavyo. Jiwe la kusagia linapolika shafti zinanenepa kidogokidogo, kwa hiyo fundi anaanzia chini na kuziacha zipande, kisha analichonga jiwe upya. Kwenye nafasi ya kumi na saba mashine ile inakaa vizuri kabisa. Kwenye kumi na tatu, lazima kuna zitakazodondoka. Januari zilidondoka hamsini na nane. Machi thelathini na tisa. Zote nyembamba, na shafti nyembamba huwezi kuirudishia nyama. Hasuben alizipaka rangi nyekundu, akaziingiza kwenye sanduku jekundu lenye kufuli, akatia saini, na mwisho wa mwezi gari la skrapu likazibeba.

Mei, joto la kupasua mawe, ikawa mara ya tatu. Kwenye mzigo wa shafti mia sita na arobaini, arobaini na saba zilisoma sitini na mbili, au sitini na moja na nusu. Hasuben alizipima mara mbili. Akazipaka nyekundu.

Viralbhai alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda, miaka thelathini na moja, amerudi na shahada na mkoba wa ngozi. Si mtu mbaya. Ila alikuwa amebandika ukutani sheria yake: mizigo mitatu ya kukataliwa kwa mwaka, fundi anaondoka, awe nani. Alimwita Mavji ofisini Jumatatu, akampa chai, akamwambia Jumamosi ndiyo mwisho. Mavji hakubisha. Alikunywa chai yote, akasema asante. Ana miaka hamsini na sita. Nani wa kumwajiri fundi wa kusaga wa miaka hamsini na sita aliyefukuzwa kwa kusaga vibaya?

Habari zilifika kwenye benchi la nje kabla Mavji mwenyewe hajafika. Bhikhu wa stoo alimfuata Hasuben, kifua mbele.

"Hasuben, umesikia? Mavji wetu ndiyo basi tena."

"Nimesikia."

"Umesikia tu? Aliyembeba Jentibhai, mume wako, begani?"

"Shafti zilikuwa sitini na mbili, Bhikhu. Mpaka ni sitini na tatu."

"Mikroni moja! Chawa akipiga chafya inapungua mikroni moja!"

"Basi mwambie chawa asipige chafya," Hasuben akasema, akafunga kopo lake la chakula. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayekutajia saa. Bhikhu alituambia baadaye kwamba ile sauti ilimwogopesha kuliko matusi.

Na kweli, ndani ya kifua chake hakukuwa na ugomvi wowote. Alijua kwamba Mavji anaondoka na alijua kwamba saini ni yake. Alijua pia kwamba zamani jambo kama hili lingemnyima usingizi. Alilitazama jambo lenyewe kwa mbali, likabaki hukohuko mbali.

Jumatano Viralbhai alimpigia simu ya ndani. "Hasuben, naomba karatasi moja kwa ajili ya ofisi ya kazi. Mzee Mavji anaweza kwenda kulalamika. Niandikie mipaka ilikuwa ngapi, ikawa ngapi, yeye amesaga ngapi. Ukurasa mmoja, mtu asiye fundi aelewe."

Akachukua karatasi na kalamu. Kwa miezi sita kompyuta ndiyo ilikuwa inamfanyia hesabu. Hakuwa ameziandika namba zile kwa mkono hata siku moja. Akaziandika moja chini ya nyingine.

Mchoro wa zamani: 59 hadi 80.

Mchoro mpya: 61 hadi 78.

Mipaka ya kupokelea: 63 hadi 76.

Aliweka kalamu chini. Akazitazama. Mbili chini, mbili juu. Tena mbili chini, mbili juu. Mteja aliyebana kwa sababu zake mwenyewe angebana tano, angebana tatu upande mmoja na kuuacha mwingine. Kwa nini abane mbili na mbili, kamili, sawasawa na shaka la geji ya Hasuben, ambalo mteja analijua kwa sababu wameandikiana na kukubaliana juu yake?

Mipaka ya kupokelea ya zamani, aliyoitumia miaka nenda rudi, ilikuwa sitini na moja na sabini na nane. Ilikuwa imeandikwa pale mbele yake, mstari wa pili, chini ya jina la mchoro mpya.

Akainuka kwenda ukutani kwenye mchoro. Ulikuwa umefungwa ndani ya plastiki ngumu, na pembeni chini, upande wa kulia, ulikuwa na alama ya heri ya kumkum, ule unga mwekundu, na punje mbili za mchele zilizoganda humo. Huo ndio utaratibu wetu: siku ya kufungua kazi baada ya Diwali kila chombo kinatiwa alama, mashine, daftari la kwanza la mwaka, mizani, na karatasi ya kwanza kuingia. Mwaka ule karatasi ya kwanza kuingia ilikuwa mchoro mpya. Hasuben mwenyewe aliitia alama, kwa kidole chake cha pete, kisha akaitia plastiki unga usimwagike. Siku kumi na mbili baadaye akawa mjane, na mjane kwetu hagusi tena kumkum. Alama ile ilikuwa ya mwisho kuiweka. Mara mbili ofisi ilitaka kumpa nakala safi, mara mbili alisema hii inatosha.

Akachukua wembe, akaichana plastiki ukingoni. Alitegemea kusikia uchungu kidogo, angalau huo. Hakusikia. Akaipangusa pembe ile kwa kidole gumba, unga ukatoka, karatasi ikabaki ya pinki, na katikati ya pinki yakaonekana maandishi madogo ya mistari miwili: mipaka iliyoonyeshwa ni mipaka ya kupokelea, shaka la kipimo lililokubaliwa limekwisha kutolewa, msitoe tena.

Aliisoma mara tatu. Kisha akarudi mezani akakaa, glavu mkononi, kidole gumba chekundu.

Alikuwa amekata mara mbili. Sitini na mbili ilikuwa nzima, na sitini na moja na nusu nayo nzima. Arobaini na saba za Mei zilikuwa nzima, thelathini na tisa za Machi, hamsini na nane za Januari. Shafti mia moja arobaini na nne, zote nzima, na tisini na saba kati ya hizo zilikwisha kuyeyushwa zikawa nondo za nyumba za watu. Hapakuwa na shafti mbovu hata moja. Mavji hakuwa amesaga vibaya hata siku moja.

Alipiga simu kwa mteja, kwa msichana wa ubora ambaye walikuwa wanaandikiana. Msichana akashangaa. "Ndiyo, dada, tuliiandika hapo chini kabisa. Wauzaji wengi walikuwa wanasahau kutoa, tukaona tuwatolee wenyewe. Kwani hamkuiona?"

"Hatukuiona," Hasuben akasema. Halafu akajisahihisha. "Mimi sikuiona."

Akazitoa zile arobaini na saba kwenye sanduku jekundu, akazifuta rangi kwa dawa, akaziacha usiku kucha zipoe kwenye nyuzi ishirini za chumba, maana chuma chenye joto la mkono husema uongo wa mikroni mbili hivi peke yake. Alhamisi asubuhi akazipima. Ya chini kabisa ilisoma sitini na moja na nusu. Zikapita zote. Akaandika ripoti kwa mkono, kurasa mbili, akaipeleka juu.

Viralbhai aliisoma amesimama. Alipofika ukurasa wa pili akakaa.

"Umeifunga ndani ya kumkum," akasema.

"Ndiyo."

"Hasuben, mwaka huu wote nimewaambia wateja tuna mkaguzi asiyekosea." Akapitisha viganja usoni. "Sawa. Tufanye hivi. Hizi za Mei tuzipitishe kimyakimya. Mavji atabaki na mizigo miwili, si mitatu, hafukuzwi. Barua ya kumwachisha kazi naichana sasa hivi. Hayo ya Januari na Machi yaache yalipo. Zimeshayeyuka, hazirudi."

"Zinarudi kwenye jina lake."

"Jina lake litapona."

"Litapona vipi kama limeandikwa kwamba aliharibu?"

Viralbhai akainama mbele, akashusha sauti, na hapo alikuwa anasema kwa nia njema, nampa haki yake. "Sikiliza, mama. Shafti tisini na saba nzima zimekwenda skrapu kwa saini yako. Nikiiingiza karatasi hii kwenye daftari, mkaguzi wa nje atakuja, ataniuliza mwenye saini yuko wapi. Sitaweza kukuacha chumba cha vipimo. Lazima nikutoe. Unaelewa? Miaka ishirini na minane. Na huko nyumbani sasa uko peke yako."

"Naelewa."

"Basi chukua karatasi yako."

Hasuben hakuichukua. Msidhani alikuwa shujaa. Mwenyewe alisema hakuwa na hofu wala ujasiri. Aliona tu kwamba kipimo kimekosewa na kipimo kilichokosewa kinasahihishwa, chote, si robo yake. "Ingiza," akasema.

Akaiingiza. Kabla ya saa ya chakula muhuri wa ukaguzi ulikuwa umetoka kwenye mfuko wa Hasuben umeingia kwenye droo ya Viralbhai, na Hasuben alikuwa amepangiwa kuanzia Jumatatu kwenye kufunga shafti kwa karatasi za mafuta, kazi aliyoanza nayo akiwa msichana. Alisaini hapo pia. Mkono haukusita.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Mavji.

Alimkuta kwenye mashine yake. Mavji alikuwa ameisafisha mashine ya watu kama anayemwogesha maiti, kila kona, tayari kumkabidhi mwingine. Feni kubwa ilikuwa inasukuma joto kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hasuben alisimama upande wa pili wa jiwe la kusagia, akamweleza yote, kwa mpango, namba zikifuatana: mchoro, ile pembe, mbili na mbili, mia moja arobaini na nne. Akamwambia barua imechanwa, na jina lake limesafishwa kwenye daftari, Januari na Machi na Mei. Hakusema chochote kuhusu muhuri.

Mavji aliendelea kupangusa. Alipangusa mahali palepale kwa muda mrefu.

"Mia moja arobaini na nne," akasema.

"Ndiyo."

"Zote nzima."

"Zote."

"Shemeji, mimi nilikuja kwako Januari." Hakupandisha sauti. Mavji hajui kupandisha sauti. "Nilikuja mlangoni kwako nikakuuliza, sitini na mbili imekuwa mbovu lini? Nimesaga sitini na mbili tangu kijana. Nikakuomba uniangalizie karatasi. Unakumbuka ulivyonijibu?"

Hasuben alijaribu kukumbuka. Miezi ile yote ilikuwa ukungu mtupu. "Sikumbuki, Mavjibhai."

"Hukunijibu. Ulinitazama, ukafunga mlango ili baridi isitoke." Akakunja kile kitambaa, akakikunjua. "Nikasema mama wa watu ana msiba, nisimsumbue. Nikasema na yeye hakosei, Hasuben hakosei, kwa hiyo aliyekosea ni mimi. Unajua nimefanya nini miezi minne hii? Kila asubuhi kabla ya kuja kazini namwita mke wangu. Najaza glasi maji mpaka juu kabisa, naishika mkono umenyooka, namwambia aangalie kama mkono unatetemeka. Kila asubuhi. Wajukuu wanatucheka."

Hasuben akauliza, taratibu, "Ulikuwa unatetemeka?"

"Hata siku moja. Tone halikumwagika hata siku moja." Sasa masharubu yalikuwa yanacheza. "Na mimi simwamini! Nikamwambia unanificha, wewe mwanamke, unanionea huruma. Nimempigia kelele mke wangu, mimi, ambaye sijawahi. Mara moja nilimmwagia hayo maji. Amekaa chini analia, anaapa kwa watoto wake kwamba mkono hautetemeki, na mimi nimesimama juu yake namwita mwongo. Kwa sababu Hasuben hakosei."

Karakana iliendelea na makelele yake. Hasuben alitaka kusema samahani, akafungua mdomo, na badala ya neno kikatoka kitu kingine, sauti ambayo sisi tuliokuwa karibu hatukujua imetoka kwa nani. Akashika ukingo wa mashine. Ile ganzi ilimwachia yote kwa mkupuo mmoja, bila huruma, na kilichokuwa chini yake kilikuwa kinauma kuliko alivyokumbuka kwamba kitu kinaweza kuuma: mke wa Mavji chini sakafuni na nguo imelowa maji, na mlango aliofunga, na Jentilal, Jentilal wake, ambaye angemwambia mapema sana, we Hasu, hebu msikilize huyo mfupi. Akateremka mpaka akakaa kwenye sakafu yenye mafuta, sari yake na yote, akalia kwa sauti, kilio cha msiba, mbele ya wanaume arobaini.

Mafundi wa jirani wakazima mashine zao. Bhikhu alikuja mbio na glasi ya mtindi akasimama nayo, hajui ampe au asimpe.

Mavji hakumwambia nyamaza. Hakumwambia yamekwisha wala nimekusamehe, maana hayakuwa yamekwisha na alikuwa hajasamehe. Kisha akavuta ndoo, akaigeuza, akakaa karibu naye, na watu wengine wakarudi kwenye kazi zao.